Jipu lilikamuliwa, kesho yake likavimba mara mbili

*Shikamoo daktari. Nina jipu kwenye paja, upande wa ndani, leo siku ya sita. Siku ya tatu mume wangu alilikamua, ikatoka damu na usaha kidogo, kesho yake likawa kubwa mara mbili. Sasa limefika ukubwa wa limau, katikati ni laini, nikitembea linauma hadi kinenani. Homa sina. Nimemeza amoksilini siku tatu bila nafuu. Mama mkwe anasema tusubiri liive, mume anasema tukamue tena, mimi naogopa kupasuliwa. Kwa nini lilivimba hivyo, na sasa tufanye nini?*

Marahaba, dada. Msilikamue tena, wala msilisubirie nyumbani. Jipu la ukubwa huo ambalo limeshalainika katikati lina usaha wa kutosha, na njia ya kuutoa ni kupasuliwa. Nenda kwenye kituo cha afya leo. Kama leo imeshindikana, basi kesho asubuhi. Nikikueleza kinachoendelea humo ndani, utaona kwamba mama mkwe wako na mume wako kila mmoja ameshika nusu ya ukweli.

Turudi siku ya kwanza. Jipu huanzia kwenye shimo la kinyweleo, pale unywele unapotokea ndani ya ngozi. Bakteria anayeanzisha mengi ya majipu anaitwa stafilokokasi. Daktari mpasuaji wa Uskochi, Alexander Ogston, ndiye aliyempa jina hilo mwanzoni mwa miaka ya 1880, baada ya kuweka usaha wa majipu chini ya hadubini na kukuta vijidudu vya mviringo vimejikusanya mafungumafungu kama vichala vya zabibu. Kwa Kigiriki cha kale, neno alilolichukua lina maana hiyohiyo ya kichala cha zabibu. Kijidudu hiki hakitoki mbali. Takriban watu 3 katika kila 10 wenye afya njema wanaishi nacho puani bila kujua na bila kudhurika. Shida huanza kinapopata mlango: mkwaruzo wa wembe, ngozi iliyochubuka kwa nguo inayobana, au paja na paja zinaposuguana kwa jasho. Kinashuka na unywele hadi chini, na huko kinazaliana.

Mwili ukigundua, unapeleka chembe nyeupe za damu. Zinafika kwa maelfu, zinameza bakteria, na nyingi zinafia papo hapo. Zikifa zinaachia vimeng'enya vikali ambavyo havichagui: vinayeyusha bakteria, lakini vinayeyusha pia nyama iliyo karibu. Mchanganyiko huo wa chembe zilizokufa, bakteria na nyama iliyoyeyuka ndio usaha. Siku ya kwanza na ya pili huwa haujakusanyika bado. Unachokisikia ni kinundu kigumu, cha moto, kinachouma ukikigusa, na ukikipasua wakati huo utapata damu tu.

Kazi nyingine inakwenda sambamba na hiyo, na ndiyo ninayotaka uielewe kuliko zote. Mwili unajenga ukuta. Pembeni mwa eneo lililoambukizwa unaweka nyuzinyuzi za protini ileile inayogandisha damu kwenye kidonda, unazisuka, unazikaza, mpaka panakuwa na mfuko uliofungwa. Stafilokokasi naye ana kimeng'enya chake cha kugandisha majimaji ya damu, kwa hiyo kwa namna fulani anausaidia ujenzi. Ukuta unawafaa wote wawili: unamzuia bakteria asisambae mwilini, na unamkinga dhidi ya vinavyomfuata kutoka nje. Madaktari wanaposema jipu limekomaa, wanazungumzia mfuko huu. Ndani kuna usaha, nje kuna nyama yenye afya iliyovimba kwa kujihami, na katikati yao umesimama ukuta mwembamba.

Usaha ukiongezeka, mgandamizo ndani ya mfuko unapanda. Maumivu yale ya kudunda usiku yanatokana na mgandamizo huo. Usaha unatafuta upande ulio dhaifu zaidi, na mara nyingi upande huo ni wa juu, kwenye ngozi. Ngozi inaliwa kutoka chini, inakonda, inang'aa, katikati panatokea kichwa cha manjano au cheupe, mwisho panatoboka. Kinachotoka mwishoni, kile kipande kigumu cha rangi ya maziwa kinachoitwa kiini, ni nyama iliyokufa kuzunguka unywele ule wa mwanzo. Huko ndiko kuiva anakokusema mama mkwe wako. Hajakosea: majipu madogo mengi humaliza safari yao namna hiyo bila kisu wala kidonge.

Sasa tazama kilichotokea siku ya tatu. Mume wako aliweka vidole viwili pembeni mwa jipu akabana. Chukua mfuko wa plastiki uliojaa maji ya uji mzito, uutoboe kwa sindano upande wa juu, kisha uuminye kwa nguvu. Nguvu ya vidole haielekei juu peke yake. Inasukuma kila upande kwa kiasi kilekile, chini sawa na juu. Tundu la juu ni dogo, usaha ni mzito, na mara nyingi kiini kimeziba mlango kama kizibo. Upande wa chini hakuna ngozi; kuna ule ukuta wa nyuzinyuzi, ambao siku ya tatu bado mchanga, na chini yake kuna mafuta ya paja, laini, yanayopitisha kitu kirahisi. Ukuta ukachanika huko usikokuona. Kidogo kikatoka nje, mkaona kazi imefanyika, lakini kilichobaki kilitapakaa ndani ya mafuta. Mwili ukalazimika kujenga ukuta mpya kuzunguka eneo kubwa zaidi, na ndiyo maana kesho yake lilikuwa mara mbili.

Ile damu iliyotoka nayo inatueleza kitu. Damu haikai ndani ya mfuko wa usaha. Ikitoka wakati wa kukamua, ujue mishipa midogo ya pembeni imepasuka. Mshipa uliopasuka, ukiwa umegusana na usaha huku unaminywa, ni mlango wa bakteria kuingia kwenye mzunguko wa damu. Mara nyingi mwili unawamaliza njiani na mtu haoni kitu. Mara chache hauwamalizi, wakatua kwenye mfupa, kwenye kiungo au kwenye vali ya moyo, na hapo mtu anaanza kuugua ugonjwa mwingine kabisa wiki kadhaa baada ya jipu kusahaulika. Kwa hiyo mwambie mume wako kwa upole kwamba nia yake ya kutoa usaha ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni njia. Kisu kinafungua mlango mpana upande mmoja, usaha ukajitokea wenyewe bila ukuta wa chini kusukumwa. Vidole vinasukuma pande zote bila kufungua mlango wa maana.

Kuna sehemu ya mwili ambayo kukamua kunanitisha kuliko paja. Nilimpokea kijana mmoja aliyekuwa na kijipu kidogo tu, ukubwa wa punje ya mahindi, juu ya mdomo karibu na pua. Alikikamua mbele ya kioo jioni. Asubuhi mdomo wa juu ulikuwa umevimba. Siku iliyofuata kope la jicho la upande huohuo lilikuwa limefumba kwa uvimbe, ana homa, kichwa kinamuuma nyuma ya jicho, na akiangalia pembeni anaona vitu viwiliviwili. Mishipa ya damu ya eneo lile, kuanzia kati ya macho mpaka kwenye pembe za mdomo, inaunganika na mishipa ya ndani ya tundu la jicho, na kutoka hapo inaingia kwenye kikusanyio cha damu kilicho chini ya ubongo. Maambukizi yalikuwa yamefuata njia hiyo, damu ikaganda humo. Alilazwa wiki kadhaa akipewa dawa za mshipani, akapona, lakini jicho halikurudi sawasawa. Jambo hili hutokea mara chache sana. Ninalisimulia kwa sababu kijana yule hakuwa na ugonjwa wowote mwingine, na kijipu kile kingeachwa kingeisha chenyewe ndani ya wiki.

Tuje kwenye amoksilini. Imeshindwa kwa sababu mbili. Kwanza, stafilokokasi wengi wana kimeng'enya kinachokatakata dawa za jamii ya penisilini, na amoksilini ni mmojawapo, kwa hiyo dawa inaharibiwa kabla haijafanya kazi. Pili, hata ungepewa dawa inayomuweza, ndani ya mfuko wa usaha hakuna mishipa ya damu, na dawa husafiri kwa damu. Inafika ukutani, inapenya kidogo, na ndani inakuta uchachu na bakteria wamesongamana, wengi wao wamepunguza kuzaliana. Dawa nyingi za aina hii humuua bakteria anapokuwa anajigawa. Aliyetulia haimpati vizuri.

Kuna utafiti uliochapishwa 2016 ambao huwa naukumbuka nikiulizwa kuhusu dawa. Ulifanyika katika idara 5 za dharura nchini Marekani kwa wagonjwa zaidi ya 1,200 wenye majipu. Wote walipasuliwa. Nusu wakapewa siku 7 za kotrimoksazoli, nusu nyingine vidonge visivyo na dawa. Waliopewa dawa walipona kwa takriban asilimia 80, na waliopewa vidonge vitupu walipona kwa takriban asilimia 74. Utaona kwamba kazi kubwa ilifanywa na kisu, na dawa ikaongeza kidogo, kidogo ambacho si cha kudharau. Kwa hiyo usishangae kama baada ya kupasuliwa utaandikiwa dawa, wala usishangae kama jipu ni dogo ukaambiwa huhitaji. Dawa inakuwa ya lazima kukiwa na homa, wekundu unaotambaa nje ya jipu, majipu zaidi ya moja, au mgonjwa ana kisukari au kinga iliyoshuka. Ila usiendelee kujimezea ile amoksilini ukidhani inayeyusha jipu. Hakuna kidonge kinachoyeyusha usaha uliokwisha kufungwa kwenye mfuko.

Nawajuaje wa kupasuliwa na wa kusubiri? Hospitalini naweka vidole viwili juu ya uvimbe, kimoja kila upande. Kimoja nakibonyeza taratibu, cha pili nakiacha kimetulia. Kama chini kuna majimaji yaliyofungwa, kile kilichotulia kinainuliwa kidogo, kama ukibonyeza upande mmoja wa puto lenye maji. Hapo usaha upo. Kama uvimbe wote ni mgumu kama nyama iliyokazwa, na kidole cha pili hakisikii kitu, basi ama jipu ni changa, ama ni maambukizi ya ngozi yaliyotandaa bila kufanya mfuko. Hayo ya kutandaa yanatibiwa kwa dawa. Kisu hakisaidii, kinaacha jeraha tu. Inapokuwa na utata natumia ultrasaundi, na usaha unaonekana kama ziwa jeusi katikati ya nyama. Maelezo yako ya katikati kulainika siku ya sita yananifanya niamini kipimo cha vidole kitakuwa chanya kwako, ila anayelishika ndiye mwamuzi, si mimi niliyeko mbali.

Neno moja kuhusu rangi. Vitabu vinasema jipu ni jekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani; ngozi inakuwa nyeusi zaidi au ya zambarau, inang'aa na inakaza. Nimeona watu wakiambiwa hawana maambukizi kwa sababu hawakuwa wekundu. Tumia mgongo wa kiganja: linganisha joto la hapo na paja la upande wa pili. Joto halidanganyi.

Ukubwa nao unahesabika. Kijipu kisichozidi sentimita 2, kisicho usoni, kwa mtu asiye na kisukari wala homa, kinaweza kusubiriwa kwa kukandwa. Kitambaa safi, maji ya moto ambayo kifundo cha mkono kinayavumilia, dakika 15 hadi 20, mara 3 au 4 kwa siku. Joto linaleta damu zaidi eneo lile na kuharakisha lile lile lililokuwa likitendeka: ngozi inakonda, mlango unafunguka wenyewe. Likipasuka, ufute, uendelee kukanda ili liendelee kutoka, ufunike kwa gozi au kitambaa safi. Usiminye hata hapo, maana hata jipu lililokwisha kutoboka bado lina ukuta wa chini. Kukanda kusikoleta badiliko kwa siku mbili, au jipu linalokua huku likikandwa, kumefika mwisho wake. La kwako limeshapita hapo. Kuanzia sentimita chache za usaha, mfuko unakuwa na shinikizo kubwa na vyumba ndani yake, na ukiuacha uchague mlango wenyewe unaweza kuchagua ndani badala ya nje.

Sasa hofu yako ya kupasuliwa. Nitakueleza hatua kwa hatua, kwa kuwa wagonjwa wengi wanaogopa wasichokijua.

Utalala chali, paja limegeuzwa nje. Ngozi itasafishwa kwa dawa. Itafuata sindano ya ganzi, mara nyingi lignokeini, na hii ndiyo sehemu inayouma kuliko zote. Inadumu chini ya dakika moja. Usaha una uchachu, na uchachu unapunguza nguvu ya ganzi, ndiyo maana mpasuaji mzuri haichomi ndani ya jipu. Anazungusha sindano pembeni yake, kwenye nyama yenye afya, kama anayelizungushia uzio, kisha kidogo kwenye ngozi ya juu pale atakapokata. Asubiri dakika kadhaa. Akigusa kwa ncha ukasikia makali, mwambie bado. Una haki ya kuongezewa. Kusikia kusukumwa na kuvutwa ni kawaida, kusikia kukatwa si kawaida.

Atakata mstari kwenye sehemu laini, akifuata mikunjo ya asili ya ngozi ili kovu lijifiche. Utaona mstari ni mrefu kuliko ulivyotarajia, pengine sentimita 2 au zaidi. Haufanywi hivyo kwa ukatili. Ngozi ni hodari wa kujifunga, na tundu dogo litaziba kwa siku mbili wakati shimo la chini bado ni tupu. Usaha utajaa upya na utarudi pale pale ulipoanzia. Usaha ukishatoka, ataingiza koleo nyembamba au kidole chenye glavu kuvunja kuta za ndani, kwa kuwa jipu lililowahi kukamuliwa mara nyingi halina mfuko mmoja bali vyumba viwili vitatu vilivyopakana. Hiki ndicho kinachosahaulika sana kwenye kazi ya haraka. Nimeshapokea mtu aliyepasuliwa mahali fulani, chumba cha juu kikatolewa, cha chini kikabaki. Siku ya tatu paja lilikuwa vilevile. Baada ya hapo ataosha shimo kwa maji ya chumvi yaliyosafishwa mpaka yatoke safi.

Halitashonwa. Wagonjwa wengi hulalamika wakiona jeraha limeachwa wazi, lakini likishonwa linakuwa mfuko tena. Linapaswa kujaa kutoka chini kwenda juu, nyama mpya nyekundu ikipanda siku hadi siku. Shimo dogo linaachwa tu na kufunikwa. Shimo kubwa, tuseme linalozidi sentimita 5, huwekewa utepe wa gozi uliolegea ili mdomo usizibe mapema. Ulegee kweli. Gozi lililoshindiliwa linaziba njia lililopaswa kuilinda, na linauma bila faida. Litatolewa baada ya siku moja au mbili utakaporudi kukaguliwa, na safari hiyo usiikose.

Nafuu ya jipu lililopasuliwa vizuri ni ya haraka. Mgandamizo ukitoka, maumivu ya kudunda yanaisha palepale au jioni hiyohiyo, hata kama kidonda chenyewe kinawasha. Wengi huniambia usiku ule ndio wa kwanza kulala vizuri. Kwa hiyo kama kesho yake bado linadunda kama zamani, usivumilie. Inawezekana kuna chumba kilichobaki. Majimaji ya rangi ya damu yatatoka siku chache, yatapungua, na shimo litajaa kwa wiki moja mpaka tatu kutegemea kina chake. Oga kama kawaida, acha maji yapite, kausha, badilisha kifuniko kila kinapolowa.

Kwa kuwa lako lipo upande wa ndani wa paja, kuna kitu nataka uhakikishe kimeangaliwa kabla ya kisu. Karibu na kinena unapita mshipa mkubwa wa ateri. Uvimbe wowote wa hapo unaodunda kwa mapigo ya moyo, ukaonekana unapanda na kushuka, haupasuliwi kabla ya ultrasaundi, maana unaweza kuwa mshipa uliovimba ukijifanya jipu. Kudunda kwa maumivu ni jambo jingine. Ninazungumzia kudunda kunakosikika kwa kiganja. Maumivu yako yanayofika kinenani huenda ni mtoki, tezi iliyovimba ikichuja kinachotoka kwenye jipu. Huo hautapasuliwa, utanywea wenyewe jipu likipona. Mambo ya namna hii ndiyo yanayofanya majipu ya sehemu nyingine yapelekwe hospitali yenye mpasuaji badala ya chumba cha vidonda: ya usoni, ya shingoni, ya kiganjani, ya titi ambalo siku hizi mara nyingi hufyonzwa kwa sindano, na ya pembeni mwa njia ya haja kubwa, ambayo yakipasuliwa ovyo yanaweza kuacha tundu la kudumu linalovuja.

Ungekuwa na homa na kutetemeka, nisingesema leo au kesho asubuhi. Ningesema sasa hivi. Hivyo hivyo kama kabla hujafika utaona mambo yamebadilika. Chukua kalamu uchore mstari kuzunguka ukingo wa sehemu yenye joto. Uvimbe ukivuka mstari huo ndani ya saa chache, au ngozi ikawa nyeusi au na malengelenge, au maumivu yakawa makali kupita kinachoonekana kwa macho, au ukibonyeza ukasikia kama kuna vipovu chini ya ngozi, hiyo ni dharura, hata iwe usiku wa manane. Huko maambukizi yanakuwa yameshuka kwenye utando unaofunika misuli, na kinachohesabika ni saa.

Hujaniambia kama ni jipu lako la kwanza. Kama ni la kwanza, liishie hapo. Kama ni la tatu ndani ya mwaka, omba upimwe sukari na virusi vya ukimwi, kwa kuwa majipu yanayorudi yamewahi kuwa dalili ya kwanza ya kisukari kwa wagonjwa wangu kadhaa ambao hawakuwa wakijua. Majipu yanayorudi kwenye makwapa na vinena pekee, yakiacha makovu yenye vitundu vilivyounganika chini kwa chini, mara nyingi si majipu ya kawaida bali ni ugonjwa wa vinyweleo vya maeneo hayo unaohitaji daktari wa ngozi. Kupasua kila moja linapotokea hakuutibu. Na kwa wale ambao majipu yanazunguka ndani ya nyumba, leo mama kesho mtoto, tunamfuata bakteria puani: marhamu ya mupirosini ndani ya pua mara 2 kwa siku kwa siku 5, pamoja na kuoga kwa sabuni ya dawa, nyumba nzima kwa wakati mmoja. Mkifanya mmoja mmoja, anayemaliza anaambukizwa na anayesubiri zamu yake.

Ukienda, mweleze atakayekupokea kwamba lilikamuliwa siku ya tatu, ili ajue kutafuta vyumba vya chini. Mtajie amoksilini na siku ulizomeza. Mwambie kama una mimba au unadhani unayo, kama dawa yoyote imewahi kukudhuru, na kama unatumia dawa za kulainisha damu. Usile dawa ya maumivu ya jamii ya aspirini asubuhi hiyo, itaongeza damu wakati wa kupasuliwa, parasetamoli inatosha. Vaa nguo pana. Na kitambaa ambacho mume wako alifutia ule usaha siku ya tatu, pamoja na taulo na wembe mnaotumia, visiguswe na mtu mwingine nyumbani: nguo zifuliwe kwa maji ya moto zianikwe juani, wembe utupwe.